Rafiki Anakununulia Kamera Ng'ambo? Jua Modeli na Waranti Kabla Hujatuma Pesa

Kuna malipo fulani ambayo wapiga picha wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na Nyahururu wanayajua vizuri. Mtu wako anasafiri. Labda ni mkimbiaji anaenda mbio za Tokyo, labda ni binamu anarudi Amerika baada ya likizo, labda ni jirani anayeleta bidhaa kutoka Dubai. Unamwambia, "Niletee kamera, nitakutumia pesa." Pesa inatoka kwa simu yako, inaingia kwa yake, halafu unaanza kungoja mzigo.

Kutuma pesa ni kazi ya dakika moja. Kazi kubwa ni kujua ni kamera gani hasa inanunuliwa, kwa sababu kampuni za kamera haziuzi bidhaa moja dunia nzima. Zinagawanya dunia kwa kanda, na kila kanda ina jina lake la kamera, lugha zake, chaja yake, na muhimu zaidi, karatasi yake ya waranti. Ukimwambia rafiki "nunua tu hiyo ya bei nzuri", umemwachia uamuzi ambao yeye hana habari kwamba upo.

Hebu tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme wewe ni mpiga video wa harusi, kazi zako ziko kati ya Nakuru na Njoro, na mara moja kwa mwaka unaenda Naivasha kupiga Safari Rally. Unataka Sony ZV-E10 pamoja na lenzi yake ndogo ya milimita 16 hadi 50. Una watu watatu wanaosafiri mwezi huu: mkimbiaji wa Tokyo, binamu wa Dallas na jirani wa Dubai. Umtumie nani pesa?

Majina hudanganya pande zote mbili

Tuanze na Canon kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Canon hupenda kubadilisha jina la kamera zake za bei ya chini kulingana na soko. Kamera inayoitwa EOS 250D Ulaya ndiyo hiyo hiyo inayoitwa EOS 200D Mark II Asia, na Marekani wanaiita EOS Rebel SL3, na Japani inaitwa EOS Kiss X10. Vivyo hivyo EOS 2000D ya Ulaya ni Rebel T7 ya Marekani na 1500D ya Asia. Ni mashine moja, imevaa majina tofauti. Kwa hiyo rafiki akikupigia kutoka duka la Dallas akisema, "Bro, hapa hakuna 250D, kuna kitu inaitwa SL3," usimwambie aendelee kutafuta. Ameshaipata.

Angalia tu namba ya mwisho. T7 na T7i zinafanana kwa jina lakini si ndugu wa karibu: T7i ndiyo 800D ya Ulaya, kamera ya daraja la juu kuliko 2000D. Herufi moja hapo ni maelfu ya shilingi.

Sony wao hufanya kinyume. ZV-E10 inaitwa ZV-E10 Tokyo, Dallas, Dubai na Nairobi. Alpha 7 III imeandikwa ILCE-7M3 kila mahali. Ukitazama jina peke yake unaweza kusema basi ni sawa, nunua popote penye bei ya chini. Lakini Sony inayouzwa kwa soko la ndani la Japani huja na menyu ya Kijapani peke yake. Hakuna Kiingereza. Haijafichwa mahali fulani kwenye mipangilio, haipo kabisa. Ukifika sehemu ya lugha utaona neno 日本語 na basi, huna kitu kingine cha kuchagua.

Hapo sasa ndipo bei ya Tokyo inapoanza kueleweka. Mkimbiaji wetu akiingia duka kubwa la vifaa vya umeme, ataona bei ambayo tayari iko chini kidogo, na kwa sababu yeye ni mgeni wa siku chache anaweza kuondolewa kodi ya mauzo ya Japani ya asilimia 10. Atakutumia picha ya bei na wewe utafurahi. Kumbe kamera iliyo kwenye picha ni ya kumfaa mtu anayesoma Kijapani.

Je, mtu anaweza kuizoea? Ukweli ni kwamba wapo wanaozizoea. Menyu za kamera zina alama, na mtu aliyewahi kutumia Sony anakumbuka kitu kiko ukurasa gani. Lakini fikiria uko ukumbini, bibi harusi anaingia, na kamera inakuonyesha onyo la Kijapani katikati ya kioo. Hujui kama inasema kadi imejaa, imepata joto au betri inaisha. Halafu siku utakayotaka kuiuza, mnunuzi wa Nakuru atafungua menyu, atacheka kidogo, na bei itaanguka.

Kwa Sony za zamani kama a6000 na a7 za mwanzo kulikuwa na programu ya watu binafsi inayoitwa OpenMemories: Tweak ambayo iliweza kufungua lugha nyingine. Haifanyi kazi kwa kamera za kizazi cha karibuni, ZV-E10 ikiwemo. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Usijali, kuna fundi atakubadilishia lugha," mwulize ni modeli gani amewahi kubadilisha, na akuonyeshe.

Japani pia kuna njia halali. Baadhi ya maduka yanayohudumia watalii huuza toleo la nje ya nchi, lenye lugha nyingi na karatasi tofauti ya waranti. Bei yake huwa juu kuliko lile la ndani. Rafiki yako aulize hivyo hivyo: ni toleo la nje au la ndani? Na aulize kabla ya kulipa, kwa sababu maduka mengi ya huko hayakubali kurudishiwa kamera iliyofunguliwa eti lugha imemshinda mtu.

Umeme na video: hapa hofu ni kubwa kuliko tatizo

Watu wengi hutuuliza kama kamera ya Amerika itaungua ikichomekwa kwa umeme wetu. Chaja za kamera za kisasa karibu zote zimeandikwa INPUT: 100-240V, 50/60Hz. Ukiona maneno hayo, Kenya yenye volti 240 iko ndani yake na chaja iko salama. Tatizo ni plagi tu. Canon, kwa mfano, ina chaja LC-E17 yenye vidole bapa vya kuchomeka moja kwa moja ukutani, na LC-E17E yenye waya unaoweza kubadilishwa. Ya kwanza utaitafutia adapta, ya pili utaitafutia waya wa pini tatu. Vyote viwili utavipata mjini bila kuumiza mfuko.

Taa na flashi kubwa za studio ni hadithi nyingine. Zipo za Amerika zilizotengenezwa kwa volti 120 peke yake. Hizo ukizichomeka hapa, moshi utauona. Kama rafiki ananunua taa pamoja na kamera, akupigie picha ya kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Kwa video, kanda za Amerika na Japani zimezoea mfumo wa NTSC, ambao hupiga fremu 30 au 60 kwa sekunde. Sisi tuko upande wa PAL, fremu 25 au 50. Sababu ya kujali ni taa. Umeme wetu ni wa 50Hz, na taa nyingi za ukumbini huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera iliyowekwa fremu 60 na shata ya 1/60 inaona, na video yako itakuwa na mistari inayotembea au mwanga unaopumua. Ukiweka PAL na shata ya 1/50 au 1/100, inatulia.

Bahati nzuri ni kwamba kwenye ZV-E10 unabadilisha mwenyewe kwenye menyu, sehemu iliyoandikwa NTSC/PAL Selector. Kamera za Canon za EOS zina sehemu inayofanana, Video system. Kwenye Sony itakuomba uisafishe kadi upya, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya kazi, si katikati ya harusi. Hili lisikuzuie kununua Dallas.

Karatasi ya waranti ndiyo mali yenyewe

Sasa tufike mahali pesa hupotea kweli.

Waranti ni ahadi ya kampuni fulani, katika nchi au kanda fulani, kwa mnunuzi fulani, kwa muda fulani. Mtu akikwambia "ina waranti ya mwaka mmoja", amekupa kipande kimoja tu kati ya hivyo vinne. Ulizia vile vingine vitatu.

Anza na mahali. Waranti ya Sony au Canon inayotolewa kwa kamera iliyouzwa Marekani ni ya kuhudumiwa Marekani. Ile ya Japani huwa imeandikwa kwa Kijapani na husema inatumika ndani ya Japani. Kamera ikiharibika hapa Nakuru mwezi wa nne, waranti haijafa, iko hai kabisa, ila inaishi Texas. Ili uitumie lazima kamera irudi huko: upate mtu anayesafiri au ulipe kuituma, binamu aipeleke kutengenezwa, aipokee, halafu apatikane mtu wa kuirudisha. Miezi mitatu inaweza kwisha hivyo, na harusi za Agosti na Desemba hazikungoji.

Halafu kuna namba kubwa zinazovutia macho. Tamron wana waranti ya miaka 6 kwa lenzi zinazouzwa Marekani. Sigma wana jumla ya miaka 4 huko. Rafiki akiona "6-Year" kwenye boksi atakupigia kwa furaha. Lakini ile miaka ya ziada ni zawadi ya tawi la Marekani kwa soko la Marekani. Sigma wenyewe huigawanya wazi: mwaka wa kwanza ni wa kimataifa, mitatu ya ziada ni ya huko. Kwa mtu wa Nakuru hizo ni miaka ya kusoma kwenye boksi tu. Ule mwaka mmoja wa kimataifa, ambao unaonekana mdogo, ndio wenye thamani kwako.

Ulaya nako kuna miaka 2 ambayo watu huitaja sana. Hiyo ni haki ya sheria ya Umoja wa Ulaya, na anayedaiwa ni duka lililouza. Si kampuni, na si fundi aliye Nairobi. Kama duka liko Berlin, mlango wa kubisha uko Berlin.

Kuna pia mtego ndani ya Marekani yenyewe. Maduka mengine huuza kamera mbili zinazofanana, moja bei ya kawaida na nyingine nafuu kidogo imeandikwa kwamba ni ya kuagizwa kutoka nje. Hiyo ya pili haikupitia tawi la Marekani la kampuni, na waranti yake huwa ni ya duka. Nikon ya Marekani imekuwa kali sana hapa: kifaa cha Nikon ambacho haikukiingiza yenyewe nchini humo, haikitengenezi hata ukitaka kulipia. Kwa hiyo unaweza kununua Nikon New York, ikaharibika ukiwa New York, na bado ukafungiwa mlango. Binamu aulize duka: hii ni ya tawi la Marekani au ni ya kuagizwa?

Tuje Dubai. Kwa mtu wa Kenya, kwa maoni yetu, hapa ndipo penye nafasi nzuri zaidi, kwa sababu tawi la Sony linalosimamia Mashariki ya Kati na Afrika liko Dubai, na tawi la Canon la Afrika ya Kati na Kaskazini vilevile liko Dubai. Kamera ya kanda hiyo huja na Kiingereza na mara nyingi chaja yake inafaa kwa plagi zetu, kwa sababu Falme za Kiarabu nao hutumia pini tatu za mraba. Na kadi ya waranti ya kanda huwa na orodha ya nchi. Hiyo orodha ndiyo unayoitaka. Kenya ikiwa ndani, umepata kitu karibu sawa na kununua hapa. Kenya ikikosekana, jirani amekuletea kamera nzuri isiyo na waranti, na bei ishuke kulingana na hilo.

Lakini Dubai ni soko la dunia nzima. Duka moja linaweza kuwa na ZV-E10 ya kanda, na pembeni yake ZV-E10 iliyoletwa kutoka Japani au Hong Kong, boksi moja rangi moja. Muuzaji ataita moja toleo la Mashariki ya Kati na nyingine toleo la kimataifa. Neno "kimataifa" linasikika kubwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba haikupita mikononi mwa tawi la hapo, na waranti ni ya duka. Jirani yetu akiuliza tu "ina waranti?" atajibiwa ndiyo kwa zote mbili, na muuzaji hatakuwa amedanganya.

Kipande cha tatu ni mnunuzi. Waranti nyingi humlinda mnunuzi wa kwanza, na risiti ndiyo ushahidi. Kama risiti ina jina la binamu, wewe kwa karatasi si mteja wao. Maduka mengi yanakubali kuandika jina lako kwenye risiti mnunuzi akiomba wakati wa kulipa. Baada ya hapo inakuwa shida. Kumbuka pia kwamba muda huanza siku ya risiti, si siku kamera ilipokufikia. Binamu akinunua Januari na akaja Juni, nusu ya mwaka imekwisha ndani ya kabati lake.

Na hata waranti nzuri kuliko zote haitibu vumbi. Aliyewahi kusimama kando ya njia ya Safari Rally kule Soysambu au Kedong anajua vumbi laini la Naivasha linavyoingia hadi kwenye meno. Mchanga kwenye lenzi, maji ya mvua, kamera kuanguka, hivyo vyote huhesabiwa kuwa makosa ya mtumiaji. Waranti inahusu kasoro iliyotoka kiwandani: shata inayokwama yenyewe, kioo kinachozima, lenzi inayogoma kulenga. Kama kazi yako kubwa ni rally, punguza kidogo thamani unayoipa waranti yoyote, ya hapa au ya nje.

Hesabu ya Dallas

ZV-E10 ilipotoka mwaka 2021, bei yake Marekani pamoja na lenzi ilikuwa kama dola 800. Tutumie hiyo, wewe utaweka ya leo. Bei za Marekani huandikwa bila kodi ya mauzo, na Dallas kodi hiyo ni asilimia 8.25. Hapo unafika dola 866. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 130, ni KSh 112,580. Tuseme duka la Nairobi lenye waranti ya hapa linaiuza KSh 125,000. Tofauti ni KSh 12,420, na wengi hapo hutuma pesa.

Ngoja kidogo. Kuna uwanja wa ndege. Novemba 2023 KRA iliwakumbusha wasafiri kwamba vitu visivyo vya biashara vya thamani isiyozidi dola 500 ndivyo vinavyopita bila kodi, na watu wakapiga kelele sana. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo tazama tovuti ya KRA wiki ya safari. Kwa mfano wetu, tukitumia hizo dola 500, zinazobaki ni dola 366. VAT ya asilimia 16 juu yake ni kama dola 58 na nusu, yaani takriban KSh 7,600, na hapo hatujagusa ushuru wa forodha. Nafuu yako imeshuka hadi KSh 4,820 au chini yake.

Kitu kingine ambacho watu hawapendi kusikia: msamaha huo ni wa mali ya msafiri mwenyewe. Kamera aliyomnunulia mtu mwingine si nguo zake. Usimwombe binamu aseme ni yake, aitoe kwenye boksi na kuivaa shingoni. Ukifanya hivyo unamwekea yeye hatari ili wewe uokoe elfu chache, na bila boksi na karatasi zake unakuwa umepunguza pia uwezo wako wa kudai waranti.

Sasa jiulize swali moja: kwa KSh 4,820, ungekubali kubeba mwenyewe gharama ya kamera kuharibika mwaka mzima? Sisi kwa kamera ya kazi tungekataa. Kwa lenzi ya pili, kifaa kisicho na sehemu nyingi zinazotembea, au kwa kitu ambacho hakiuzwi hapa kabisa, jibu linaweza kuwa tofauti. Tofauti ikiwa KSh 40,000 badala ya 4,000, nayo ni mazungumzo mengine.

Tokyo hesabu yake ni fupi. Kama ni toleo la ndani, acha. Kama ni toleo la nje, weka bei yake halisi kwenye hesabu hii hii. Dubai, jirani anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya VAT yao ya asilimia 5 kama ni mtalii, mradi duka liko kwenye mpango huo na risiti ishughulikiwe uwanjani kabla ya kuondoka. Kwa kamera ya kanda yenye kadi inayotaja Kenya, yeye ndiye tungemtumia pesa.

Ujumbe wa kumtumia rafiki

Usitegemee simu ya haraka akiwa kaunta. Andika kabla, asome akiwa ametulia. Kitu kama hiki:

"Jirani, habari za safari. Kamera ni Sony ZV-E10 pamoja na lenzi ya 16-50. Naomba iwe toleo la Mashariki ya Kati, si la kimataifa. Kabla hujalipa, nipigie picha ya kadi ya waranti, upande wenye majina ya nchi, na ya namba ya mashine kwenye boksi. Waambie risiti iandikwe jina langu. Tafadhali nunua siku za mwanzo, tusije tukakosa muda wa kurudisha. Ukifika hotelini tuongee kwa video, uiwashe unionyeshe orodha ya lugha. Asante sana, Mungu akulinde."

Ile sehemu ya siku za mwanzo watu huipuuza. Ukinunua saa tatu kabla ya ndege, kosa lolote la modeli linakuwa la kudumu.

Kuhusu pesa yenyewe: ukimtumia rafiki, kwa mfumo umemlipa mtu, hujalipa duka. Ujumbe wa muamala unathibitisha kwamba alipokea kiasi fulani siku fulani. Hauthibitishi ilikuwa ya nini, na hauwezi kukurudishia pesa kwa sababu kamera ilikuja na Kijapani. Kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi, hata WhatsApp yatosha: modeli, toleo, bei ya juu kabisa asiyoruhusiwa kupita, nani analipa kodi uwanjani, na itakuwaje akikosa toleo hilo. Jibu rahisi la hilo la mwisho ni "rudi na pesa". Kama ana kadi ya benki, ni afadhali alipe duka kwa kadi kuliko taslimu, kwa sababu malipo ya kadi yana njia ya kulalamikia muuzaji.

Betri za ziada zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege. Za kamera ni ndogo sana, ya ZV-E10 haifiki hata saa-wati 10, na kikomo cha kawaida bila ruhusa ya shirika la ndege ni 100. Na kama orodha yako ina ndege ndogo ya kamera, ile drooni, iondoe kwenye orodha ya rafiki. Kuingiza drooni Kenya kunahitaji kibali cha KCAA, na bila hicho itabaki uwanjani JKIA huku rafiki akielekea Nakuru mikono mitupu.

Kamera ikifika, kaa na aliyeileta dakika kumi. Linganisha namba ya mashine chini ya kamera na ile ya kwenye boksi na ya kwenye risiti, zote tatu zifanane. Washa, tazama lugha, piga picha, rekodi video fupi chini ya taa ya nyumbani. Piga picha risiti, kwa sababu karatasi za mashine za risiti hufifia zikikaa kwenye joto, na ndani ya miezi sita unaweza kubaki na karatasi nyeupe. Jitumie picha hizo kwa barua pepe pamoja na ujumbe wa muamala. Halafu mlipie jirani nauli yake ya kutoka Nairobi, hiyo haikuwa kwenye hesabu yetu.